Adui wa ngozi ni maji: hotuba kwa wamama wakaangaji samaki, Goma

Wamama, wababa, na nyinyi vijana mliofungua malewa juzi juzi, jambo sana. Nimeombwa niseme juu ya samaki mzima wa kukaanga: kwa nini ngozi yake inabaki kwenye kikaango na mteja anapelekewa nyama iliyo uchi, na tufanye nini ili ngozi itoke nzima na ilie kavu kwenye meno. Viungo na mchuzi sitavigusa. Kila mmoja hapa ana vyake alivyorithi, na sitaki kugombana na mama ya mtu.

Mbele yenu mnaona mbabula yenye makala, kikaango kizito cha alminiamu, chupa ya mafuta, vitambaa viwili vikavu na tilapia mmoja wa gramu mia sita hivi, aliyenunuliwa Kituku asubuhi. Tutamkaanga huku tunazungumza.

Nikiuliza kwa nini samaki anashika, najua majibu. Mmoja atasema mafuta ni kidogo, na mwingine kwamba kikaango kimezeeka. Wote wana sehemu ya ukweli. Lakini hata nyinyi mmeona samaki akishika ndani ya mafuta ya nusu lita, na mmeona bibi mmoja akimtoa mzima kwa vijiko vichache tu. Kitu ambacho bibi huyo anakijua, hata kama hakisemi, ni kwamba samaki wake aliingia mafutani akiwa mkavu.

Ngozi ya samaki imejaa kolajeni. Ni protini ambayo ukiipa maji na joto inageuka gundi. Mmeiona mara nyingi: mchuzi wa vichwa vya samaki ukilala usiku, asubuhi unakuta umeganda unatetemeka. Sasa chukua ngozi yenye maji uiweke juu ya chuma chenye moto wa wastani. Umetengeneza gundi ile ile, na umeitengenezea juu ya kikaango. Protini zinajikunjua kwa joto na kushikamana na chuma kabla ngozi haijapata nafasi ya kukauka. Ukija na mwiko dakika ya pili kumgeuza, huwezi kushinda, ngozi itabaki chini.

Kuna jambo jingine hapo. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, hayangoji 100. Pale ambapo ngozi bado ina maji, joto lake haliwezi kupita hapo, hata uchochee makala mpaka yawe mekundu. Nguvu yote ya moto inakwenda kuyafanya maji kuwa mvuke. Lakini ngozi haianzi kuwa kahawia na kukakamaa vizuri mpaka ifike nyuzi 140 au zaidi. Kwa hiyo kila tone unaloliacha juu ya samaki linakuibia dakika, na dakika hizo hizo ndizo gundi inazozitumia kushika.

Basi tumfuate samaki huyu, na kazi yetu ni kuyawinda maji yake.

Magamba ameshatolewa sokoni, lakini usiamini macho. Pitisha ukucha kutoka mkiani kwenda kichwani, hasa chini ya mapezi na karibu na tumbo, kwa sababu gamba moja lililobaki linaficha maji chini yake na baadaye linaruka kwenye mafuta. Utelezi wa juu ya ngozi tunautoa kwa chumvi na ndimu, tunasugua, tunasuuza haraka. Ndani ya tumbo ile ngozi nyembamba nyeusi tunaikwangua, damu iliyoshika kwenye uti wa mgongo tunaitoa kwa ncha ya kisu, na mashavu tunayang'oa yote. Mashavu yanabeba maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Mkaangaji anaifuta ngozi mpaka ing'ae, anamweka samaki mafutani, na dakika hiyo hiyo kijito kinatoka kichwani. Mafuta yanaruka, mkono unaungua, na lawama anapewa samaki.

Sasa tunamchanja. Mistari mitatu kila upande, kwa mshazari, kwenye sehemu nene ya mgongo, kina cha karibu sentimita moja, bila kufika mfupa. Kuna wanaosema mistari hiyo ni ya kuingiza chumvi tu. Inaingiza chumvi, ndiyo, lakini ina kazi nyingine mbili. Ngozi ikipata joto inajivuta na kuwa fupi. Kama haina nafasi, inamkunja samaki, katikati anainuka, kichwa na mkia vinabaki chini, na hapo upande mmoja unaungua huku mwingine ukiwa mweupe. Pia joto linaifikia nyama nene ya mgongo mapema, na hatulazimiki kumweka motoni mpaka mkia ugeuke makala.

Chumvi inataka muda wake, na hapa wengi tunapotea. Chumvi ikiwekwa juu ya samaki inaanza kuvuta maji kutoka ndani. Baada ya dakika kumi utaona matone madogo juu ya ngozi yote, kama jasho. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kumkaanga, na ndio wakati ambao karibu kila mtu anamkaanga, kwa sababu dakika kumi ni muda wa kuwasha makala! Chagueni moja kati ya mawili. Ama mtie chumvi mapema, nusu saa au zaidi, kisha umfute maji yote yaliyotoka, ama mtie chumvi sekunde za mwisho kabla ya mafuta. Mimi napenda ile ya kwanza. Nyama inakolea chumvi, na maji ambayo yangetokea ndani ya mafuta yameshatoka kwenye sahani.

Huyu amekaa na chumvi tangu kabla hamjaingia. Tazameni sahani, mnaona maji yaliyochuruzika? Yangeingia kikaangoni hayo. Sasa namfuta. Kitambaa cha kwanza ni cha nje, upande huu na huu, na ndani ya kila mchanjo. Cha pili ni cha tumbo na kichwa. Nakisokota, nakiingiza, nakiacha kinywe, nakitoa. Kisha namning'iniza mahali penye upepo, au namlaza juu ya waya, muda ule makala yanapokolea. Ukigusa ngozi kwa nyuma ya kidole, isikuachie unyevu. Iwe inanata kidogo tu, basi. Leo hewa ya ziwa ni nzito, kwa hiyo upepo pekee hautoshi, na nitampitishia kitambaa tena mara ya mwisho.

Kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, tafadhali, visibaki juu ya ngozi. Vipakwe, vikae, kisha vifutwe pamoja na maji. Kinachobaki nje kitaungua cheusi kabla samaki hajaiva na kitakuwa kichungu. Ndani ya tumbo acha kidogo, hakuna ubaya.

Twende kwenye kikaango. Hiki hapa ni alminiamu nzito, iliyomiminwa na fundi. Kinafaa. Kizito kinashika joto, na samaki wa baridi akiingia hakishtuki sana. Kile chembamba cha dukani kinapoa mara moja, halafu kinaungua pale tu kaa lilipo. Sasa nitasema kitu ambacho hakitawapendeza baadhi yenu. Tunajivunia sufuria zinazong'aa, tunazisugua kwa mchanga na majivu mpaka unajiona uso. Kwa nje sugueni mnavyotaka. Kwa ndani, kikaango cha samaki kioshwe kwa maji ya moto, sabuni kidogo na kitambaa, basi. Mchanga unachora mikwaruzo, na nyama ya samaki inaingia humo na kushika. Tena, kikaango kinachotumika kwa mafuta kinajijengea ngozi yake nyembamba ya kahawia, laini, ambayo chakula hakiishiki kwa urahisi. Kwenye chuma cheusi ndiyo inaonekana zaidi. Ukiisugua leo, kesho unaanza upya. Anayetumia kile chenye rangi nyeusi ya kuzuia kushika, yeye asikiweke motoni kikiwa kitupu, rangi ile inaharibika kwa joto kali na moshi wake si mzuri. Sisi wengine tunaanza na kikaango kitupu.

Nakiweka juu ya makala mekundu yaliyokwisha kutoa moshi. Dakika mbili, tatu. Nadondosha tone moja la maji: linaruka, linakimbia, limepotea. Kama lingetulia na kuchemka pole pole, bado. Nasubiri kidogo nihakikishe kimekauka, ndipo namimina mafuta, kiasi cha sentimita moja na nusu kutoka chini, ili yamfikie samaki karibu nusu ya unene wake. Kikaango kikiwa moto kwanza, mafuta yanatangulia kujaza vishimo vidogo vya chuma kabla ya samaki kufika.

Mafuta yenyewe yafike karibu nyuzi 180. Hakuna mwenye kipimajoto hapa, najua, kwa hiyo chukueni kijiti kikavu au mpini wa mwiko wa mti, mguse chini ya mafuta. Vikitoka vipovu vidogo vingi, mfululizo, yako tayari. Kikitoka kimoja kimoja, subiri. Mafuta yakianza kutoa moshi umepitiliza, inua kikaango juu kidogo, hesabu mpaka ishirini, pima tena. Mbabula haina kifungo cha kupunguza, lakini ina mikono yako: kusanya makala katikati wakati wa kuanza, yatawanye pembeni baada ya kumgeuza samaki.

Tazameni mkono wangu. Namshika mkia. Namteremsha kichwa kikitangulia, nikimlaza kuelekea mbali nami, ili mafuta yakiruka yaende kule. Lakini simwachii. Naushikilia mkia hewani, kiwiliwili kikiwa ndani ya mafuta, nakitikisa taratibu huku na huku kwa sekunde kumi hivi. Ngozi inaanza kukakamaa ikiwa bado inaelea, kabla uzito wote wa samaki haujaikandamiza juu ya chuma. Sasa ndiyo, mkia nao umelala.

Na kuanzia hapa, mikono nyuma. Yaya mmoja pale mbele tayari ananyoosha mwiko! Hapana. Sikilizeni kwanza. Hivi sasa mnasikia kelele kubwa, vipovu vikubwa vinapasuka. Hayo ni maji yaliyobaki ndani ya ngozi yanatoka kwa nguvu. Wakati huu ngozi imeshika kidogo, naam, imeshika hata kwangu, na ukiivuta itachanika. Maji yakiisha, gundi inakauka, inakuwa gamba gumu, na gamba gumu halina tena sababu ya kung'ang'ania chuma. Linajiachia lenyewe. Kelele itashuka, itakuwa sauti nyembamba, vipovu vitakuwa vidogo. Kwa samaki wa ukubwa huu ni dakika tano mpaka saba. Msiniwekee saa, sikilizeni sauti.

Tunapongoja, nachota mafuta kwa kijiko na kuyamwagia kichwani na kwenye mgongo, sehemu ambazo hazikufikiwa. Kifuniko sikitaki hapa. Najua mafuta yanaruka na nguo zinachafuka, lakini mvuke ukigonga kifuniko unarudi chini kuwa maji, na unairudishia ngozi kile tulichohangaika kukitoa. Kama mafuta yanaruka kupita kiasi, samaki hakufutwa vizuri, rudini nyuma mrekebishe hapo.

Sauti imeshuka. Nashika mpini, natikisa kikaango mbele na nyuma. Kichwa kinateleza, mkia unateleza, katikati bado. Kwa hiyo naongeza dakika moja, wala siendi na mwiko kumbandua. Natikisa tena. Sasa anateleza wote. Napitisha mwiko mpana mwembamba kuanzia mkiani, chini ya uti wa mgongo, uma unamsaidia kwa juu, namgeuza kwa upande wa mgongo ili tumbo lisifunguke. Haya, mnaona? Ngozi yote iko juu yake, rangi ya dhahabu iliyokolea, na michanjo imefunguka.

Upande wa pili ni mwepesi zaidi, dakika nne au tano, kwa sababu samaki ameshapata joto. Natawanya makala. Kujua ameiva, natazama ndani ya mchanjo karibu na mfupa: nyama nyeupe kabisa, haina ule utelezi wa kioo. Au navuta mwiba wa pezi la mgongoni. Ukitoka bila kubishana, ameiva.

Namtoa, namsimamisha juu ya waya, tumbo chini, mafuta yachuruzike na hewa ipite pande zote. Wengi wetu hapa ndipo tunapopoteza kazi yote. Tunampanga samaki wa moto juu ya mwenzake kwenye beseni, tunafunika kwa sahani asipoe, na mvuke wa yule wa chini unamlowesha wa juu. Baada ya robo saa ngozi ni laini kama ya samaki wa kuchemsha, na mteja anasema hukukaanga vizuri. Nzi ni tatizo, sikatai. Funika kwa wavu au kawa, kitu chenye matundu. Na mchuzi wa nyanya uwekwe chini ya samaki au pembeni ya bugali, usimwagwe juu yake.

Kuna mliouliza kabla sijaanza, nijibu machache.

Mama mmoja anakaanga samaki wengi kwa siku, na anasema wa kwanza wanatoka wazuri, wa jioni wote wanashika. Mama, tazama chini ya mafuta yako. Vipande vya ngozi na unga vya asubuhi vimezama, vimeungua, vimekuwa tope jeusi, na samaki wa jioni analala juu ya tope hilo. Kila baada ya samaki kadhaa chuja mafuta kwa kichujio au kitambaa, futa kikaango, rudisha mafuta, yapashe tena. Kati ya samaki na samaki ngoja joto lirudi, jaribu kijiti tena. Na wawili wasiingie pamoja kwenye kikaango cha mmoja, mafuta yatapoa na wote watachemka badala ya kukaangika. Mafuta yakiwa meusi, yanatoa povu lisiloisha na moshi mapema, yameisha hayo. Kuyaongezea mapya hakuyarudishi.

Kijana anauliza juu ya unga. Tilapia mkavu wa leo asubuhi hauhitaji, na mimi naona unga unaficha ngozi nzuri. Lakini samaki wa baridi kali, kama Thomson wa katoni, barafu imechana nyama yake, na anaendelea kutoa maji hata umfute vipi. Myeyushe kabisa mpaka katikati, umfute, mpake unga wa ngano au wa muhogo mwembamba sana, umkung'ute, na aingie mafutani saa hiyo hiyo. Ukimpaka ukamweka kando, unga unanyonya maji na kuwa uji, na uji ule unashika kuliko ngozi yenyewe. Ile miba migumu ya ubavuni pia ikate kwanza, ngozi ya hapo haikauki.

Wa mawese, nilijua mtakuja. Ladha yake siipingi. Ila mawese mekundu ambayo hayakusafishwa yanaanza kutoa moshi mapema kuliko mafuta yaliyosafishwa, na yana vichembe vinavyoungua chini. Kwa ngozi kavu kaangeni kwa mafuta yaliyosafishwa, mawese yaende kwenye sombe.

Na sambaza? Sambaza ni hadithi nyingine, wale hawageuzwi mmoja mmoja. Mafuta mengi, kiganja kwa kiganja, basi.

La mwisho, samaki aliyebaki jana. Asitiwe tena kwenye mafuta mengi, atayanywa. Pasha kikaango kitupu kwa moto mdogo, mpake samaki mafuta kidogo kwa mkono, mlaze bila kifuniko, dakika nne kila upande. Usiku ngozi ilivuta maji kutoka kwenye nyama, kwa hiyo mtasikia tena ile kelele mwanzoni. Ngojeni ishuke kabla ya kumgeuza. Huyu wa leo hatafika kesho, sogezeni sahani.